Video inayocheza kama jeli: Warp Stabilizer peke yake, Rolling Shutter Repair kwanza, au Gyroflow?

Nina klipu moja ya sekunde 14 ambayo siifuti. Niliipiga kwa mkono katika uchochoro wa Mji Mkongwe, Unguja, nikitembea kinyumenyume mbele ya msafara wa harusi, na kamera yenyewe haina utulizaji wowote wa ndani. Katikati ya klipu nageuka ghafla kushoto kuufuata mlango wa nakshi, na miimo ya mlango ule inalala upande kama mnazi uliopigwa na kusi. Baada ya hapo narudi kutembea, na kila mguu unapotua ukuta mzima wa nyuma unajinyonga, juu unakwenda huku na chini kunakwenda kule. Kila ninapojaribu njia mpya ya kutuliza video, naijaribu kwanza kwenye klipu hii.

Ninaandika kwa aliyekwama baina ya njia tatu. Ya kwanza ni kuweka Warp Stabilizer juu ya klipu na kuiachia kazi yote. Ya pili ni kunyoosha picha kwanza kwa Rolling Shutter Repair, halafu ndipo Warp Stabilizer itulize kilichonyooka. Ya tatu ni Gyroflow, programu ya bure isiyokisia mwendo kwa kuangalia picha, bali inasoma kumbukumbu za jairo, kile kipima-mzunguko kilicho ndani ya kamera. Mbili za mwanzo zinapatikana ndani ya Premiere Pro na After Effects, kwa hiyo anayelipia programu hizo tayari anazo.

## Kabla ya kuchagua: jeli hiyo ni ya nani?

Kihisi cha kamera nyingi hakisomi picha yote kwa mpigo. Kinaanza na mstari wa juu, kinashuka mstari kwa mstari hadi wa mwisho, na safari hiyo huchukua milisekunde kadhaa, mara nyingi kati ya 10 na 30 kwenye video ya 4K. Hiyo ndiyo rolingi shata. Kamera ikisogea katikati ya safari, mstari wa juu umekwisha kuiona dunia ilivyokuwa mwanzo, na wa chini unaiona ilivyokuwa baadaye kidogo, kisha yote miwili inabandikwa kwenye fremu moja kana kwamba ni ya wakati mmoja.

Matokeo yake yako ya namna tatu, na watu huyachanganya. Ukigeuza kamera kwa mwendo mmoja, vitu vilivyo wima hulala, tuuite mlalo. Ukitembea au mkono ukitetemeka, picha hujinyonga na kuvutika kila mtikisiko unapopita. Huo ni mnyumbuko, ndio wa uchochoroni kwangu. La tatu ni mawimbi: mtetemo wa kasi wa mota na mapanga ya droni unaingia kwenye kamera, na ndani ya fremu moja mstari wa upeo wa bahari au ukingo wa paa unajikunja mara mbili tatu kama bati la mgongo. Wengi wakisema jeli wanakusudia hii ya tatu.

Lakini iko na ya nne, ambayo kihisi hakihusiki nayo hata kidogo. Kitulizaji chenyewe huweza kuizaa. Zima kile kialama cha `fx` pembeni ya Warp Stabilizer, tazama klipu mbichi, kisha kiwashe tena. Kama ukuta ulikuwa umetulia ukiwa mbichi na sasa unapumua, jeli hiyo umeitengeneza wewe. Nimeletewa klipu nyingi za watu wanaolalamikia kamera zao, na nusu ya kesi ziliishia kwenye kialama hicho.

## Namba moja utakayoihitaji

Njia ya pili na ya tatu zote zinauliza kamera yako inasoma picha kwa muda gani. Rolling Shutter Repair inataka asilimia ya muda wa fremu, na Gyroflow inataka milisekunde. Mwongozo wa Adobe unatoa makadirio: kamera za DSLR asilimia 50 hadi 70, iPhone karibu 100. Makadirio ni pa kuanzia tu, na kupima mwenyewe ni kazi ya dakika tano.

Tafuta balbu ya LED ya bei rahisi, ile inayometameta ukiitazama kwa kamera ya simu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo balbu ya aina hiyo hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 10. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe unaomulikwa na balbu hiyo peke yake, weka shata ya kasi, 1/1000 au zaidi, na piga video kwa azimio lilelile na kasi ileile ya fremu unayotumia kazini. Utaona mistari mipana ya giza na mwanga imelala ukutani. Hesabu jozi, giza moja na mwanga mmoja, kutoka juu hadi chini ya fremu. Kila jozi ni milisekunde 10. Kamera yangu ilitoa jozi mbili na nusu, kwa hiyo inasoma kwa milisekunde 25. Nikipiga fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ina milisekunde 40:

```
25 ÷ 40 = 0.625  →  62.5%
```

Ikiwa kamera si yako na umeletewa klipu tu, klipu yenyewe inasema. Tafuta mahali ilipogeuzwa kwa mwendo wa sawasawa na penye kitu kilichosimama wima kutoka juu hadi chini ya fremu. Kwenye mlango wangu wa nakshi, mwimo ulisogea pikseli 80 kati ya fremu moja na inayofuata, na ndani ya fremu moja kichwa chake kilikuwa kimeachana na kisigino kwa pikseli kama 50. Gawanya 50 kwa 80, unarudi palepale, 62.5%. Namba ya balbu na namba ya mlango zikikubaliana namna hiyo, unaweza kuziamini.

## Vigezo ninavyovitumia

Kila njia nitaiuliza mambo manne yaleyale: inaondoa upotovu wa namna gani, inataka nini kabla ya kuanza, inakula kiasi gani cha kingo za picha, na inaharibikaje. Hili la mwisho ndilo muhimu kwangu kuliko yote, kwa sababu mteja hatauona mtikisiko uliouondoa. Atauona ukuta unaopumua.

## Njia ya kwanza: Warp Stabilizer peke yake

Inachoondoa. Mnyumbuko wa kutembea inaupunguza vizuri, mlalo inaupunguza kiasi. Ndani yake, chini ya Advanced, kuna Rolling Shutter Ripple yenye machaguo mawili: Automatic Reduction, ambayo ndiyo inakuja nayo, na Enhanced Reduction kwa mawimbi makubwa zaidi. Hapa pana mtego ambao umewanasa wengi. Machaguo hayo yanafanya kazi pale tu Method inapokuwa Subspace Warp au Perspective. Ukishuka hadi Position, Scale, Rotation, unapata utulizaji wa kawaida na rolingi shata inabaki kama ilivyokuwa. Mtu anashusha Method ili kuua ukuta unaopumua, anafanikiwa, halafu anashangaa jeli ya kamera imerudi.

Mawimbi ya droni haiwezi. Kinachofanyika ni kwamba programu inalinganisha fremu na fremu, inakisia kamera ilitoka wapi ikaenda wapi, kisha inagawa mwendo huo kwenye mistari ya katikati. Kwa fremu 25 inaiona kamera mara 25 tu kwa sekunde. Hatua za mtu anayetembea ni mbili hivi kwa sekunde, kwa hiyo inazifuata bila shida. Mota inayotetema mara 200 kwa sekunde inakwenda na kurudi mara nane kati ya fremu moja na nyingine, na programu haina mahali pa kuyaona hayo.

Inachotaka. Karibu hakuna. Ukubwa wa klipu ulingane na wa sequence, na klipu isiwe imebadilishwa kasi. La sivyo ifunge kwanza ndani ya Nest. Haiulizi kamera gani wala milisekunde ngapi.

Inachokula. Hapa wewe ndiye unayeamua, na wengi huamua bila kujua. Smoothness inakuja ikiwa 50%, na kwa mtu aliyepiga akitembea hiyo ni nyingi mno. Kwenye klipu ya uchochoro 50% ilinilazimisha kukuza picha hadi 118%. Nilipoishusha hadi 12% ukuzaji ukarudi 107%, na video bado ilionekana ya mtu mwenye mkono mtulivu. Namba hii imeandikwa kwenye mabano kando ya Auto-scale, na mimi huitazama kabla ya kuitazama picha yenyewe. Ikivuka 110 najua kuna kitu nimekilazimisha.

Inavyoharibika. Subspace Warp haichukulii picha kama kipande kimoja. Inaipinda sehemu kwa sehemu, kila eneo kwa kiasi chake. Panapokuwa na watu wanaopita karibu, maji ya bahari, au majani yanayopeperuka, inadhani mwendo wao ni wa kamera na kuanza kuukunja ukuta ili kuwatuliza wao. Kwenye klipu yangu ni kanga. Kina mama wa msafara wanapoipita kamera, kanga zinajaza theluthi ya fremu, na nguzo ya nyuma yao inaanza kucheza ngoma. Dalili ni hiyo: kinachopaswa kuwa kigumu kinajikunja pale tu kitu laini kinapopita mbele yake.

Dawa zipo mbili. Kwanza badilisha Method iwe Perspective, ambayo bado inashughulikia rolingi shata lakini inaipinda picha yote kama kioo kimoja. Kwenye klipu zangu nyingi za watu hii peke yake inatosha. Isipotosha, kwenye After Effects washa Show Track Points, zungushia zile nukta zilizoganda kwenye kanga, zifute, na programu ibaki na nukta za ukutani. Ni kazi ya kuchosha lakini inalipa.

Inamfaa nani. Mwenye klipu nyingi, fupi, za mkono, zinazotakiwa kesho asubuhi. Na mwenye klipu asiyoijua imetoka kwenye kamera gani.

## Njia ya pili: Rolling Shutter Repair kwanza, Warp Stabilizer baadaye

Inachoondoa. Mlalo, na hapa ndipo inapoishinda ya kwanza. Unaipa asilimia yako kwenye Rolling Shutter Rate, kwangu 62 badala ya 50 inayokuja nayo, na miimo ya mlango inasimama. Sisemi inakaribia kusimama. Niliweka mstari wa mwongozo juu ya mwimo na ukafuata mbao kutoka kizingiti hadi juu. Mnyumbuko wa hatua nao unapungua sana. Mawimbi ya droni inashindwa, kwa sababu ileile: nayo inajua mwendo kwa kulinganisha fremu.

Baada ya hapo picha imenyooka, ila bado inatikisika. Warp Stabilizer inaingia kama mtulizaji tu, na safari hii unaweza kuichagulia Position, Scale, Rotation kwa makusudi, kwa sababu rolingi shata imekwisha kutibiwa. Ukiiacha kwenye Subspace Warp itajaribu kuutibu ugonjwa ambao haupo tena, na mlango ulionyooka utaanza kulalia upande wa pili.

Inachotaka. Mpangilio. Warp Stabilizer inachambua klipu ya asili, haichambui matokeo ya athari iliyotangulia, kwa hiyo ukizipandanisha mbili juu ya klipu moja hutapata ulichodhania. Weka Rolling Shutter Repair, funga klipu kwenye Nest (kwenye After Effects ni Pre-compose), kisha weka Warp Stabilizer juu ya hiyo Nest.

Inataka pia picha ambayo haijaguswa. Kama simu au kamera imeshatuliza video yenyewe kwa kukata na kusogeza kingo, mstari wa kwanza unaouona si tena mstari wa kwanza uliosomwa, na hesabu yote inapotea. Vilevile klipu uliyokwisha kuikata juu na chini. Irekebishe kwanza, uikate baadaye.

Halafu kuna Scan Direction. Inakuja ikiwa Top → Bottom, na kwa kamera iliyoshikwa kawaida ni sawa. Ila simu ikishikwa wima, usomaji huwa unakwenda kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine, na kamera iliyofungwa kichwa chini chini ya droni, ikageuzwa wakati wa kuhariri, inasomwa kutoka chini kwenda juu. Ukikosea upande huu, upotovu hauondoki, unazidi mara mbili. Hilo kwa kweli ni jambo jema, maana huwezi kukosa kuliona. Geuza upande mwingine utulie.

Inachokula. Hatua ya kwanza inakula kidogo sana, ukingo mwembamba wa pembeni. Hatua ya pili inakula kama njia ya kwanza. Kwa klipu yangu jumla ilikuwa 109%, juu kidogo ya 107 ya Warp Stabilizer peke yake kwa Smoothness ileile.

Inavyoharibika. Kitu kinachokwenda kwa kasi chenyewe, tuseme bodaboda inayokatiza, kinaweza kuchanika au kuacha kivuli chenye maji maji pembeni yake. Method ya kawaida ndani ya Rolling Shutter Repair ni Warp. Ukiona michaniko, jaribu Pixel Motion, lakini uwe na subira na kompyuta, na utazame kingo za vichwa vya watu fremu kwa fremu. Nikiwa na klipu ya dakika nne huwa siianzi njia hii yote. Nakata sekunde nane zenye mgeuko mkali, nazitibu hizo, na kwingine natumia ya kwanza.

Inamfaa nani. Anayepiga majengo, nguzo, madirisha, safu za minazi. Kila palipo na mistari iliyosimama ambayo jicho la mtazamaji litaikagua. Pia anayetumia kamera ileile kila siku, kwa sababu asilimia anaipima mara moja na kuiandika kwenye mkanda nyuma ya kamera. Mimi nimeiandika hapo.

## Njia ya tatu: Gyroflow

Inachoondoa. Mlalo na mnyumbuko vyote kwa pamoja, kwa usafi ambao njia mbili zilizotangulia haziufikii. Hakuna kukisia. Jairo imeandika mzunguko wa kamera mara nyingi ndani ya kila fremu, kwenye GoPro nyingi mara 200 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila mstari wa picha unarudishwa mahali pake kwa kumbukumbu yake yenyewe. Kanga zinaweza kujaza fremu nzima na ukuta usitikisike, maana programu hata haiziangalii.

Mawimbi ya droni? Hapa watu husifu kupita kiasi. Jairo inayoandika mara 200 kwa sekunde inaweza kufuata mtetemo wa hadi mara 100, basi. Chukua kisa cha droni ya mbio yenye GoPro juu yake, mapanga yakiwa na mpasuko mdogo. Ndani ya fremu niliona mawimbi matatu, na kamera ilikuwa ikisoma kwa milisekunde 15 hivi. Mawimbi matatu katika milisekunde 15 ni mtetemo wa mara 200 kwa sekunde, nao ni mzunguko 12,000 kwa dakika, kasi ya kawaida kabisa ya mota ndogo kama zile. Hesabu ndogo hiyo ilinionyesha mkosaji ni mota na mapanga yake, na kwamba mtetemo uko nje ya uwezo wa jairo. Zaidi ya hapo jairo inajua mzunguko tu. Kamera ikisukwa juu na chini bila kuzunguka, haina habari.

Inachotaka. Hapa ndipo wengi wanaachia njiani. Lazima data ya jairo iwe imeandikwa wakati wa kupiga, kwa kawaida ndani ya faili ya kamera yenyewe: GoPro kuanzia Hero5, kamera kadhaa za Sony kama a7 IV, FX3 na ZV-E10, na baadhi ya za DJI kama Avata. Droni nyingi za kupigia picha zenye gimbali haziandiki. Utulizaji wa ndani ya kamera lazima uzimwe kabla ya kupiga, HyperSmooth kwenye GoPro, RockSteady kwenye Avata, la sivyo data na picha hazitapatana. Inataka wasifu wa lenzi, ambao kwa GoPro huja wenyewe, na ile namba yako ya milisekunde kwenye Frame readout time, kama haikujazwa yenyewe. Mwisho, data na picha zioane kwa wakati. Kitufe cha Auto sync hufanya hivyo kwenye klipu nyingi.

Inachokula. Inategemea pembe ya lenzi. GoPro ina upana wa kutupa, hutahisi. Kamera yenye lenzi ya milimita 50 itabanwa. Static zoom inakata kiasi kimoja klipu nzima. Dynamic zooming inakata zaidi pale penye mtikisiko na kuachia penye utulivu, na mimi huiepuka kwenye harusi kwa sababu picha inasogea mbele na nyuma bila sababu ambayo mtazamaji anaijua.

Inavyoharibika. Ikikosa kuoana kwa wakati, hata kwa milisekunde chache, klipu inatikisika zaidi kuliko mbichi, ila kwa mdundo wake wenyewe, ukija kabla au baada ya hatua ya mguu. Ongeza nukta za kuoanisha mahali penye mtikisiko wa kutosha. Ikiwa Frame readout time ndiyo yenye kosa, utaona kitu tofauti: katikati ya picha imetulia kabisa, na juu na chini vinapinda kupingana. Na kama ulipiga kwa shata ya 1/50 usiku, picha itatulia lakini ukungu wa mwendo utabaki, ukija na kupotea kila hatua. Njia zote tatu zina tatizo hilo, ila hapa linaonekana zaidi kwa kuwa kila kingine kimesimama.

Inamfaa nani. Warusha droni za mbio, waendesha baiskeli na pikipiki wenye GoPro kifuani, na mwenye Sony anayejua kabla ya kubonyeza kitufe kwamba atapitia njia hii. Kwa klipu iliyokwisha kupigwa kwa simu miezi miwili iliyopita haimsaidii mtu.

## Mawimbi ya droni yabaki kwa nani?

Kwa bisibisi, kwa kweli. Badilisha panga lililopasuka au kupinda, safisha mchanga kwenye mota, angalia vile vimpira vinavyobeba kamera kama vimekauka au vimevutwa kupita kiasi. Hilo ndilo tiba.

Kuna ushauri mmoja hapa unaopingana na wa Gyroflow na umewachanganya wengi. Anayetuliza kwa jairo huambiwa apige kwa shata ya kasi ili ukungu wa mwendo usibaki. Anayepambana na mawimbi ya mota huambiwa avae filta nyeusi ya kupunguza mwanga na kupunguza kasi ya shata. Wote wawili wako sahihi. Kwa shata ya 1/50 kila mstari unakaa wazi milisekunde 20, na mtetemo wa mara 200 kwa sekunde unakwenda na kurudi mara nne ndani ya muda huo, kwa hiyo wimbi linafutika na kuwa ukungu mdogo tu. Kwa shata ya 1/1000 kila mstari unalinasa wimbi mahali lilipo, likiwa kali kama limechorwa kwa rula. Amua kwanza ugonjwa wako ni upi, ndipo uguse shata. Klipu ya mawimbi iliyokwisha kupigwa kwa 1/1000 nimejaribu kuiokoa kwa Enhanced Reduction mara nyingi. Mara moja moja yalipungua ya kuvumilika, na mara nyingi nilipoteza saa.

## Kwa hali yako

Una klipu za simu za shughuli, utulizaji wa simu ulikuwa umewashwa, na watu wamejaa fremu: Warp Stabilizer, Method iwe Perspective, Smoothness kati ya 5% na 15%. Usihangaike na Rolling Shutter Repair, hesabu yake imeshavurugwa na simu.

Ulipiga kwa kamera isiyojituliza, kuna migeuko ya ghafla mbele ya majengo: pima asilimia, tumia Rolling Shutter Repair kwa sekunde hizo tu, Nest, kisha Position, Scale, Rotation.

Klipu imetulia, umeweka Warp Stabilizer kwa tahadhari, na sasa maji ya bahari yanaukunja upeo: iondoe. Klipu ya droni yenye gimbali nzima mara nyingi haikuhitaji kitu.

Hujapiga bado, na kamera yako inaandika jairo: zima utulizaji wa ndani, shata isiwe ya polepole kuliko 1/100 kama mwanga unaruhusu, piga balbu sekunde tano kabla ya kuanza ili namba ya milisekunde iwe ndani ya kadi ileile, na upeleke Gyroflow.

Ndani ya fremu moja umehesabu mawimbi mawili au zaidi: funga kompyuta, fungua kisanduku cha mapanga ya akiba. Rusha upya kabla jua halijapanda sana, ukiwa na filta.

Na klipu ya uchochoro? Bibi harusi alipewa video iliyopita njia mbili: sekunde tatu za mlango kwa Rolling Shutter Repair, sekunde 11 zilizobaki kwa Perspective. Kanga zinapopita bado kuna nguzo moja inayoyumba kidogo upande wa kulia. Mimi huiona kila mara. Yeye mpaka leo hajaniuliza.